Rulo uko nayo nyumbani? Namna ya kumuongezea mteja kitu bila kumchosha

Shangazi yangu ana kenkayeri hapa Bukavu, upande wa Kadutu, na mimi nimesimama nyuma ya kontwari yake miaka kadhaa, nikiuza misumari, kufuli, rangi, ampuli, robine, vitu vya kawaida vya kujengea na kutengenezea nyumba. Kitu watu wananiuliza sana, hasa wale wanaanza biashara yao, ni hiki: unafanyaje mtu aliyekuja na dola kumi atoke ametumia kumi na tano na bado arudi kesho, maana wengi wakijaribu mteja anakunja uso na kwenda duka la pembeni.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna kumpandisha mteja, yaani alikuja kutaka kitu fulani wewe unamuonyesha kile kile lakini kizuri zaidi ao kikubwa zaidi. Halafu kuna kumuambatanishia, yaani kitu chake alichokuja kuchukua kinabaki vile vile, ila unakumbusha kingine kinachoenda pamoja nacho, kama burashi na rangi. Vinafanana lakini wakati wake si mmoja, na ukikosea wakati njo hapo makelele yanaanza. Nitaeleza kwa mfano wa rangi kwa sababu rangi njo nilijifunzia, bei nitakazotaja ni za mfano tu, usikuje dukani kuniambia nilisema kwenye mtandao.

Papa mmoja anaingia.

"Bonjur mama. Muko na rangi ya maji, ndoo ya litri tano?"

"Bonjur papa, karibu. Iko. Ni ya kupaka wapi?"

"Ni chumba ya batoto."

"Ukuta ilishaka pakwa rangi mbele, ao ni siman tupu?"

"Ni siman tupu, tulitoka kumaliza kulipisha mwaka jana."

"Na chumba yenyewe iko na metre ngapi?"

"Ine kwa tatu hivi."

Angalia, hapo sijauza kitu bado. Nimeuliza maswali matatu tu, na hakuna hata moja linalohusu pesa. Lakini sasa najua kitu ambacho papa mwenyewe hajui: ndoo ya litri tano haitamtosha. Chumba cha mita 4 kwa 3, kuta zikizunguka zote ni mita 14, ukipiga na urefu wa mita 2,6 unapata kama mita za mraba 36, toa mlango na dirisha inabaki kama 33. Rangi ya maji kwenye ukuta laini uliokwisha kupakwa inaweza kufika mita 10 hata 12 kwa litri moja, lakini siman tupu inakunywa rangi, hapo nahesabu mita 8 tu. Na hakuna mtu anapaka mara moja, ni kushi mbili, yaani anapaka yote halafu anarudia, kwa hiyo ni mita 66, gawa kwa 8, litri 8 na kidogo. Akienda na tano, fundi atafika katikati ya kushi ya pili, papa atapanda pikipiki kurudi Kadutu, na pengine ndoo mpya itatoka tofauti kidogo na ile ya kwanza kama si za kundi moja. Atamlaumu nani? Mimi niliyemuuzia bila kumuuliza.

Kwa hiyo nikimuambia achukue ndoo ya litri kumi, sijamsukuma, nimemuhesabia chumba chake, na mteja anasikia tofauti. Hii njo maana ya pendekezo la asili, si kutabasamu sana wala kusema "mukubwa wangu" kila sentensi, ni kwamba kitu unachopendekeza kimetoka ndani ya kazi aliyokuja nayo. Kama huwezi kusema kwa nini yeye, leo, kwa chumba kile, anakihitaji, basi nyamaza.

Sasa tupande. Niko na rangi mbili za maji, moja ndoo ya litri kumi ni dola 18, nyingine ni 25. Wauzaji wengi hapa wanakosea, wanasema "hii ya 25 iko ya muzuri, ni kalite." Kila mtu mjini anasema kalite, neno limekwisha nguvu. Mimi niko na vipande viwili vya mbao nyuma, nilipaka kila kimoja rangi yake zikakauka siku nyingi, namuambia papa apitishe kidole. Ile ya rahisi inaacha unga mweupe kwenye kidole, kwa sababu gundi inayoshika rangi ndani yake ni kidogo, na ile nyingine haiachi kitu. Halafu namuambia ukweli wa kushi: ile ya rahisi kwenye siman tupu mara nyingi inataka kushi tatu ndiyo ukuta usionekane, nzuri inataka mbili.

Tuhesabu pamoja naye, kwa sauti, penye karatasi kama anataka. Rahisi, kushi tatu, mita 99, litri 12 na kitu, kwa hiyo ndoo ya kumi kwa 18 na ya tano kwa 10, jumla 28, na fundi analipwa kushi moja zaidi. Nzuri, kushi mbili, ndoo moja ya 25 na rangi kidogo inabaki ya kusahihishia mahali watoto watachafua. Ile ya bei kubwa imetoka bei ndogo. Hapo papa mwenyewe anachagua, mimi nanyamaza kabisa, na kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuongea, shangazi alinifinya mkono mara ngapi sijui kwa sababu niliendelea kuongea wakati mtu anafikiri.

Ila si kila mara hesabu inatoka hivyo. Mtu akiniambia ni kantini ya kupanga, atakaa miezi sita na mwenye nyumba atamfukuza, namuuzia ya 18 bila maneno. Na kuna siku unapendekeza mtu asinunue: mama alikuja kutaka rangi ya mafuta kwa ukuta uliolipishwa wiki iliyopita, nikamuambia hapana mama, ngoja, siman mbichi bado iko na maji na iko na chokaa ndani inayokula mafuta ya rangi, itafanya malengelenge na kubanduka, acha ukuta ukauke karibu mwezi mzima kwanza. Aliondoka mikono mitupu. Alirudi, na alirudi na dada yake.

Haya, papa amechagua ya 25. Sasa tunakuja kwenye kipande ambacho vitabu vya biashara vya kutoka inje havikielezi vizuri kwa hapa kwetu, kwa sababu kule bei imeandikwa na mtu analipa, huku kwetu bei inazungumzwa. Papa lazima atasema: "Unipunguziye, mama." Na hapa njo wauzaji wengi wanaharibu. Wanaona mtu amechagua rangi, mara moja wanaruka: papa na burashi je, na rulo, na papiye ya vere? Bei ya rangi bado haijakubaliwa! Unajua papa atafanya nini? Atasema "sawa, nachukua rangi kwa 25 lakini ile rulo uniwekee ya matabishi." Na ana haki, wewe mwenyewe umeiweka juu ya meza wakati wa kuvutana, umeigeuza kuwa matabishi. Nimeona mtu anapoteza rulo, burashi na papiye ya vere kwa ndoo moja ya rangi, akabaki anahesabu faida yake jioni haimo.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Kupandisha kunafanyika mbele ya bei, wakati mtu bado anachagua. Kuambatanisha kunafanyika nyuma ya bei, pale tumekwisha kukubaliana ndoo ni 24, na mbele ya pesa kutoka mfukoni. Ni kadirisha kadogo, labda nusu dakika. Ukisubiri mpaka ameshalipa na ameshika ndoo mkononi, umechelewa, akili yake iko barabarani, na kumfanya atoe tena pesa mara ya pili ni kumuudhi, mtu hapendi kufungua pochi mara mbili mbele ya watu.

Na katika hako kadirisha nasema nini? Siulizi "na kitu ingine?" Hilo swali kila mtu wa Bukavu anajua jibu lake, "hapana, njo hiyo tu," linatoka kinywani bila kupita kichwani. Nauliza kuhusu kitu kimoja chenye jina:

"Papa, rulo uko nayo nyumbani?"

Basi. Ni swali dogo, halimuuzii kitu, na akijibu "ndiyo, fundi iko nayo," imeisha kwa amani, hakuna aliyekataliwa. Akijibu "ee, kweli, hapana," mkono wangu tayari uko kwenye etajeri. Rulo dola 3. Halafu kwa sababu alisema siman tupu, naongeza sababu, si kitu tu: "Na ule ukuta ya siman, mbele ya rangi mupitishe papiye ya vere juu juu mutoe michanga, ao rangi itashikana na michanga na kuanguka nayo." Karatasi mbili, dola moja. Nimesema vitu viwili, nasimama hapo. Kitu cha tatu ninacho kichwani, bila shaka, lakini cha tatu njo kinageuza msaada kuwa kelele, hata kama ni kweli anakihitaji. Kama kweli kitamuharibia kazi asipokuwa nacho, ningekitaja kwanza badala ya rulo. Mwenye kuuza lazima achague.

Papa alikuja na wazo la dola 10, anaondoka na 28, na hajanunua kitu hata kimoja ambacho hatatumia.

Sasa tuseme kuhusu matabishi vizuri, kwa sababu kuna njia ya kuigeuza ikusaidie. Papa anavutana, anataka 25 iwe 22. Kupunguza dola 3 kunatoka moja kwa moja kwenye faida yangu, na ndoo ile nilinunua 21,5 kwa hiyo faida yote ilikuwa 3,5 tu! Lakini burashi ndogo ya pembeni ninanunua senti 80 na ninauza dola 1 na nusu. Nikisema "bei siwezi papa, lakini nakuwekea burashi ya kona, juu ya pembe rulo haifiki," yeye anaona dola 1 na nusu, mimi natoa senti 80, na tena ni kitu kinachofanya kazi yake itoke vizuri. Ila chunga, fanya hivi tu kama huwezi kuiuza ile burashi. Ukishampa mtu kitu bure mara mbili, mara ya tatu hatakubali kukilipia, hata miaka ikipita.

Na hapo utaona kwa nini vitu vidogo vina uzito kuliko vinavyoonekana. Kwenye ndoo ya dola 24 baada ya kuvutana nabaki na 2 na nusu. Rulo ya 3 nilinunua 1,7, faida 1,3. Papiye ya vere faida senti 40. Jumla ya vidogo ni 1,7, kwa hiyo rulo na karatasi mbili zimenipa karibu theluthi mbili ya faida ya ndoo nzima, na hakuna aliyevutana bei ya papiye ya vere, watu wanavutana bei ya kitu kikubwa wakichoka wanaacha vidogo vipite.

Kuna watu usiwaongezee chochote. Mtoto aliyetumwa na karatasi na pesa kamili, huyo mpe kilichoandikwa, hesabu mbele yake, funga vizuri. Ukimuongezea kitu atapigwa nyumbani na mama yake atakuja kupiga makelele mbele ya kontwari, na kwa haki. Mtu ambaye motari anamsubiri inje na injini inawaka, huyo ana dakika moja, usimuanzishie hadithi ya kushi. Na mtu aliyetumwa na fundi na liste, hapo ni kizungumkuti, maana liste ikikosa kitu ambacho kitawarudisha, huwezi kumuuzia mjumbe, pesa si yake. Mimi namuambia tu, "mupigie fundi kidogo, umuulize kama fiksatifu iko nayo, haiko ku liste." Anapiga, fundi anasema ndiyo ao hapana, na mara nyingi fundi mwenyewe ndiye anakumbuka siku nyingine kututumia watu.

Halafu ile tabia ya pesa ya kurudisha. Mtu analipa noti ya dola 20 kwa kitu cha 18 na nusu, dola moja zilizochoka hakuna anayezitaka, sarafu za senti za dola hatuna, tunarudisha franka. Wauzaji wengine wakikosa franka ndogo wanamtupia mteja bonbo ao kiberiti bila kuuliza, na wanahesabu kwamba wameuza zaidi. Hiyo si kumuongezea mteja, ni kumlazimisha, na kila mtu anaijua, nyumbani wanasimuliana. Kama sina franka nasema wazi, "papa nabakia na franka elfu moja yako, nikutafutiye kwa jirani, ao unaona kitu ya kuchukua?" Wengi wanachagua wenyewe, mara nyingi misumari ao skochi, lakini wamechagua. Na ukiwa unakataa noti zao zilizopasuka kidogo kwenye kona, kama sisi sote tunavyokataa, basi usiwarudishie wewe noti iliyopasuka, hilo linaua kila kitu ulichojenga na rulo.

Utajuaje kama unafanya vizuri ao unachosha watu? Uso unasaidia: mtu akianza kuangalia simu, kuhesabu pesa tena wakati unaongea, kujibu neno moja, umepitiliza. Lakini uso unadanganya, kwa hiyo tuliweka kaye chini ya meza. Kila tukipendekeza kitu tunapiga mstari, akikubali tunaukata. Jioni tunahesabu. Mimi nachukulia hivi, na ni kipimo changu mwenyewe: kama kitu hakikubaliwi hata na mtu mmoja kati ya watano, basi ama maneno ni mabaya ama kitu si chake, na kuendelea ni kuwasumbua wanne kwa ajili ya mmoja.

Tunahesabu pia wastani, pesa zote za siku kugawa kwa watu walionunua, lakini hapa kuna mtego uliotuchezea mwanzoni. Tuseme siku moja umeuza dola 520 kwa watu 41, unagawa unapata karibu 12,7, unafurahi. Lakini mmoja kati yao alikuwa masoni aliyechukua vitu vya 200 peke yake. Mtoe huyo, inabaki 320 kwa watu 40, dola 8, na hiyo njo picha ya kweli ya kontwari yako. Ukiona 8 inapanda kuwa 9 baada ya wiki tatu na idadi ya watu haijashuka, kazi inatembea. Ikipanda kuwa 9 lakini watu wakatoka 40 wakafika 33, hesabu utaona umeuza 297 badala ya 320. Umewakamua wachache na kuwafukuza wengine.

Kaye ile ilitushangaza na kitu kimoja. Skochi ya kufunika pembeni ya mlango ili rangi isipite, nilikuwa naipenda sana kuipendekeza, kwangu ilikuwa na maana kabisa. Wiki ya kwanza watu 31, waliokubali 2. Nikabadilisha maneno, wiki ya pili hivyo hivyo. Mwishoni nikamuuliza fundi mmoja, akacheka, akasema wao wanatumia mkono tu na burashi ya kona, skochi ni ya watu wa sinema. Tukaiacha, tukaanza kuuliza "na ya kufunika pavema chini, muko nayo?" tukimaanisha shitingi, kwa sababu rangi ya maji ikidondoka kwenye siman ya chini haitoki kirahisi. Kati ya watu 30 walichukua 11. Skochi ziko bado kwenye etajeri ya juu, mwenye kuziomba tunampa.